D Tatu Kwenye Benchi Moja

Wakae watu watatu kwenye benchi moja, kila mmoja aulizwe yuko ngazi gani kazini. Wa kwanza ni kijana aliyetoka chuo kikuu juzi na kuajiriwa na halmashauri moja ya Tanzania kuwa Afisa Maendeleo ya Jamii Daraja la II. Mshahara wake unaanzia TGS D, kwa hiyo atajibu: D1. Wa pili ni mkuu wa shule kubwa ya sekondari nchini Kenya, aliyefika kileleni mwa ngazi za walimu wa Tume ya Utumishi wa Walimu. Yeye ni D5. Wa tatu ni mkurugenzi katika Umoja wa Mataifa, na karatasi yake inasema D-1. Kijana wa halmashauri na mkurugenzi wa Umoja wa Mataifa wanatofautishwa na kistari.

Ndani ya kila ofisi herufi hizo hazimsumbui mtu. Karani wa mishahara akiona TGS D anajua aanzie wapi. Shida huanza mtu anapopeleka wasifu wake kwa mwajiri mwingine, kwenye shirika lisilo la kiserikali, chuo cha nje au kampuni binafsi. Huko msomaji ana rundo la maombi mezani, na hana sababu ya kwenda kutafuta maana ya TGS.

Namba nazo zina mitego yake. Katika utumishi wa umma Tanzania, Daraja la II liko chini ya Daraja la I. Mtu anapanda huku namba ikishuka, na baada ya hapo namba zinampisha neno: anakuwa Mwandamizi, kisha Mkuu. Kwa walimu mambo yanachanganyika zaidi. Mwalimu Daraja la III A ameingia na cheti, III B ana stashahada, III C ana shahada. Ndani ya cheo kimoja namba inapanda kwa kushuka na herufi inapanda kwa kwenda mbele. Msomaji wa nje akiona mwenye shahada ameitwa wa daraja la tatu, humchukulia kuwa wa kiwango cha tatu.

Ni rahisi kudhani dawa ni kuweka jedwali: TGS B ya huku ni sawa na ngazi fulani ya kule. Jedwali hilo halisaidii, kwa kuwa TGS ni ngazi ya mshahara. Matangazo ya ajira serikalini yamekuwa yakimweka Dereva Daraja la II kwenye TGS B, na Mtendaji wa Kijiji Daraja la III kwenye TGS B hiyo hiyo. Dereva anatakiwa cheti cha kidato cha nne, leseni ya daraja linalotakiwa na uzoefu wa kuendesha bila kusababisha ajali. Mtendaji anasimamia kijiji kizima. Mshahara unaanzia mahali pamoja. Kazi haziko hata jirani.

Huyo mtendaji ni mfano mzuri wa kufanyia kazi, maana cheo chake kinapotosha pande zote mbili. "Daraja la III" linamshusha. Tafsiri ya Kiingereza nayo inampandisha mno, kwa sababu inatumia neno lile lile wanaloitwa mabosi wa mabenki. Tuseme alikaa kijijini miaka mitano na sasa anaomba kazi ya uratibu wa mradi wa maji. Kwenye wasifu wake ameandika mstari mmoja: Mtendaji wa Kijiji Daraja la III, TGS B, na jina la halmashauri.

Pa kuanzia ni tangazo la kazi aliloombea, au muundo wa utumishi wa kada yake, unaopatikana kwa afisa utumishi wa halmashauri. Humo sifa na majukumu yameorodheshwa rasmi, kwa hiyo hakuna haja ya kubuni. Kutoka humo anatafuta majibu ya maswali manne ambayo mwajiri yeyote angeuliza. Kazi hii huingiwa kwa elimu gani? Anawajibika kwa nani? Ameshika nini: watu, fedha, eneo? Na lipi anaweza kuliamua bila kumpigia mtu simu?

Kwa mtendaji majibu yanakuja hivi. Matangazo mengi yametaka kidato cha nne au cha sita pamoja na astashahada ya fani kama utawala, sheria au maendeleo ya jamii. Bosi wake ni Mtendaji wa Kata. Yeye ni katibu wa Halmashauri ya Kijiji, chombo ambacho sheria inakipa wajumbe kati ya 15 na 25. Anapokea malalamiko, anatunza kumbukumbu za kijiji, anasimamia mipango ya maendeleo na usalama wa raia. Pia ndiye mwenyekiti wa kikao cha wataalamu waliopo kijijini. Hapo ndipo pa kutulia kidogo: mtu mwenye astashahada anaongoza kikao ambacho bwana shamba, mganga wa zahanati na mwalimu mkuu wanaweza kuwa wamemzidi elimu na mshahara. Hakuna herufi inayoweza kulisema hilo.

Sasa mstari wake unaandikwa upya, na idadi anajaza za kijiji chake mwenyewe:

"Mtendaji wa Kijiji Daraja la III (ngazi ya kuanzia ajira, huingiwa kwa astashahada). Mwajiriwa wa halmashauri ya wilaya, msimamizi wa shughuli za kila siku za serikali katika kijiji cha kaya 640. Katibu wa Halmashauri ya Kijiji yenye wajumbe 22. Niliongoza kikao cha wataalamu tisa wa afya, elimu na kilimo. Niliwajibika kwa Mtendaji wa Kata."

Cheo rasmi kimebaki, tena mwanzoni. Hilo ni la lazima, kwa sababu mwajiri akipiga simu halmashauri atasomewa kilichomo kwenye faili. Aliyejiandika "Meneja wa Kijiji" ataonekana amedanganya hata kama kazi aliyoieleza ni ya kweli. TGS B imeondolewa, kwani inamweleza msomaji wa nje jambo ambalo halimhusu na ambalo hubadilika kila viwango vya mishahara vikipangwa upya.

Wapo wanaotaka pia kipimo cha kimataifa. Shirika la Kazi Duniani lina orodha yake ya kazi, toleo la 2008, yenye makundi madogo 436 yanayopangwa kwa kazi inayofanyika na ujuzi unaohitajika, na cheo hakihesabiki. Inafaa, ila isomwe kwa macho mawili. Kundi la 1113 ni la machifu wa jadi na wakuu wa vijiji, na mtu mwenye haraka atamtia mtendaji humo. Lakini mtendaji si chifu, wala si mwenyekiti wa kijiji aliyepigiwa kura. Ni mwajiriwa anayeweza kuhamishiwa kijiji kingine wiki ijayo.

Neno "Mkuu" nalo linahitaji tahadhari kama hiyo. Afisa Utumishi Mkuu amefika daraja la juu katika kada yake, na pengine haongozi mtu hata mmoja. Mkuu wa Idara anaongoza idara. Maneno hayo mawili yakitafsiriwa kwa neno moja, mwajiri ataanza kuuliza habari za wafanyakazi ambao hawakuwepo.

Njia ya kupima maandishi mapya ni ya bei nafuu. Apewe mtu asiyewahi kufanya kazi serikalini, fundi cherehani au mwenye duka la dawa, ayasome mara moja na kuyaweka chini, kisha aeleze kwa maneno yake huyu bwana alikuwa akifanya nini. Akisema "alikuwa diwani", mstari wa mwajiri haujakaa sawa. Akisema "alikuwa karani", kikao cha wataalamu hakijaonekana. Akiuliza kwa nini bwana shamba alikubali kuitwa kikaoni na mtu anayemzidi mshahara, amesoma vizuri, na hilo ndilo swali la kujiandaa nalo kabla ya usaili.