Taarifa ya Kwanza Mfanyakazi Anapofia Kazini

Tuchukue mfano wa mjengo mmoja viungani mwa Nairobi. Saa nne na dakika kumi asubuhi, fundi aliyekuwa akipiga plasta ukuta wa nje wa ghorofa ya tatu anaanguka pamoja na ubao aliosimamia. Wenzake wanamkimbiza hospitali. Saa tano kasorobo daktari anathibitisha kwamba amefariki.

Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inampa mwajiri saa 24 za kumjulisha afisa wa usalama na afya kazini wa eneo lake, kisha siku 7 za kupeleka taarifa ya maandishi kwenye fomu maalumu. Polisi nao huarifiwa. Wengi hukwama kwenye hizo saa 24, wakidhani lazima wajue kila kitu ndipo waandike. Wengine hukimbilia kueleza sababu ambayo hakuna aliyeichunguza.

Kinachotakiwa ni kile kilichoonekana, mahali na saa, na nani amethibitisha. Baada ya jina la marehemu, nambari ya kitambulisho na jina la mwajiri, taarifa ya fundi yule ingetosha kusema hivi:

“Leo saa nne na dakika kumi asubuhi, fundi wetu wa plasta alianguka kutoka jukwaa la ujenzi, ghorofa ya tatu. Wafanyakazi wawili walioshuhudia wanasema ubao aliosimamia ulianguka pamoja naye. Alipelekwa hospitali, na daktari akathibitisha kifo chake saa tano kasorobo. Kazi imesimamishwa na jukwaa halijaguswa. Chanzo cha ajali hakijabainika.”

Sentensi ya mwisho ndiyo inayowashinda wengi. Mahali pake huingizwa “hakuwa amefunga mkanda” au “kwa uzembe wake mwenyewe”. Saa chache baada ya ajali, anayeandika hivyo anakisia tu. Huenda mkanda ulikuwepo lakini jukwaani hapakuwa na pa kuufungia. Kama shahidi aliona hana mkanda, hilo linaandikwa kama alivyoliona, bila kuongeza kwamba ndilo lililomuua.

Tena lawama hiyo haimwokoi mwajiri kama anavyodhani. Chini ya sheria ya fidia kwa wafanyakazi, utovu wa makusudi unaweza kumnyima fidia aliyepata jeraha dogo, lakini ajali ikileta kifo au ulemavu mkubwa, kigezo hicho hakitumiki. Wategemezi wa marehemu wana haki ya fidia, nayo hukadiriwa kwa mapato yake ya miezi 96. Lawama ile hubaki kwenye faili tu, na siku moja mjane ataisoma.

Kwa familia, kosa la kawaida huja limevaa huruma. Mke anapigiwa simu: “Njoo hospitali, ameumia kidogo.” Anafunga safari na sweta ya mumewe na chupa ya uji, kisha anaelekezwa mochari. Aliyepiga simu alitaka kumpunguzia uchungu, lakini kuanzia hapo mama huyo hataamini lolote litakalotoka kwa kampuni.

Ni bora waende watu wawili, mmoja wao anayefahamika nyumbani kwa marehemu, na wafike kabla picha hazijaanza kuzunguka kwenye simu. Familia ikiwa mbali, ndugu au mzee wa mtaa anayeishi karibu nao aombwe kwenda kuketi naye kwanza. Wakishahakikisha wanazungumza na mtu anayehusika, maneno yawe machache: “Shemeji, tumekuja na habari nzito. Mume wako alianguka kazini leo asubuhi. Amefariki.” Kisha wanyamaze, wampe nafasi ya kulia.

Akiuliza ilikuwaje, ajibiwe yale yale aliyoandikiwa afisa: “Waliokuwa pale wanasema ubao ulianguka naye. Kwa nini ulianguka, bado hatujui.” Aelezwe mwili uko wapi, nani atafuatana naye kwenda kuutambua, na nambari ya simu ya mtu mmoja atakayemjibu hata usiku. Iwapo polisi wameagiza uchunguzi wa maiti, aambiwe mapema, hasa familia ya Kiislamu inayotarajia kuzika siku hiyo hiyo. Siku hiyo si ya kutaja kiasi cha fidia, wala ya kumpa mfiwa karatasi atie sahihi.

Mara nyingi mambo mengine hujitokeza baadaye. Pengine siku ya tatu inagundulika kwamba ubao ule ulikuwa na ufa, au shahidi mmoja hakuwa pale alipodai. Taarifa ya kwanza haifutwi wala kubadilishwa kimyakimya. Ile inayopelekwa ndani ya siku 7 inasema wazi nini kimebadilika na kimejulikanaje, na familia inapigiwa simu siku hiyo hiyo ielezwe.