Mifuko Mingapi kwa Jamvi la Chumba Kimoja?

Hesabu ya zege la jamvi huanza na ujazo: urefu wa chumba mara upana, mara unene, vyote vikiwa katika mita. Chumba cha mita 5 kwa 4, kikimwagiwa zege la sentimita 10, kinahitaji 5 × 4 × 0.10, yaani mita za ujazo 2.

Lakini mita 2 za zege hazitoki kwenye mita 2 za vifaa vikavu. Mchanga huingia katika nafasi zilizo kati ya kokoto, saruji nayo hujaza zile za mchanga, hivyo mchanganyiko hunywea ukitiwa maji na kushindiliwa. Ndiyo maana ujazo huzidishwa kwa 1.54, na hapa jibu ni mita za ujazo 3.08.

Uwiano uliozoeleka ni 1:2:4: saruji sehemu 1, mchanga 2, kokoto 4, jumla 7. Kila sehemu ni 3.08 ÷ 7, yaani 0.44. Mfuko wa saruji wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi, kwa hiyo 0.44 ni mifuko 13. Mchanga ni 0.88 na kokoto 1.76. Ikiongezwa asilimia 10 ya upotevu, inunuliwe mifuko 14, mchanga mita 1 na kokoto mita 2.

Wakati wa kuchanganya, kila mfuko hupewa ndoo 3 na nusu za mchanga na 7 za kokoto, kwa ndoo ya lita 20. Toroli hudanganya: moja hujazwa kichuguu, jingine nusu, na zege hutoka dhaifu upande mmoja.

Gharama hutegemea bei za mahali. Tuseme mfuko ni shilingi 16,000 za Tanzania, mita ya mchanga 30,000 na ya kokoto 70,000. Saruji itachukua 224,000, mchanga 30,000, kokoto 140,000. Jumla 394,000, bila usafiri wala ufundi. Muuzaji anayetaja bei kwa tripu aulizwe vipimo vya bodi ya lori, kisha bei igawanywe kwa mita za ujazo zilizomo. Mchanga wenye unyevu huvimba, wakati mwingine kwa robo nzima, kwa hiyo tripu iliyoloa ina mchanga pungufu kuliko inavyoonekana.

Kinachovuruga bajeti zaidi ni kifusi kisichosawazishwa. Kikiwa chini kwa sentimita 2 tu chumba kizima, zege huongezeka kwa moja ya tano, karibu mifuko 3. Kabla ya kuagiza saruji, kamba ivutwe kutoka ukuta hadi ukuta kwenye usawa wa juu wa jamvi, kina kipimwe sehemu kadhaa, na wastani wake ndio uingizwe kwenye hesabu badala ya unene wa kwenye ramani.