Kahawa ya Kopo, Kahawa ya Mizani

Kwenye vibanda vya viungo vya Kariakoo, Dar es Salaam, kahawa iliyokaangwa huuzwa pamoja na iliki, mdalasini na karafuu. Tuseme mbele ya mnunuzi kuna mafungu mawili. Moja ni jeusi tii na linang'aa kwa mafuta. Jingine ni la rangi ya kahawia, kavu, halivutii sana macho. Wengi huona lile jeusi ndilo kali na ndilo lenye thamani. Kabla ya kutoa pesa, inafaa kujua ule mng'ao umetoka wapi.

Buni inapokaangwa hupasuka mara mbili. Mpasuko wa kwanza husikika wazi, kama bisi zinavyoruka kwenye sufuria. Maji yaliyokuwa ndani yamegeuka mvuke, punje imevimba, na kuanzia hapo kahawa inanyweka. Moto ukiendelea, mpasuko wa pili huja kwa sauti ndogo ya haraka haraka. Kuta za ndani za punje zinaanza kuvunjika na mafuta yanapata njia ya kutoka nje. Kwa hiyo kahawa nyeusi inaweza kung'aa siku ile ile iliyokaangwa, na hilo si kosa. Lakini mafuta yakishafika nje hukutana na hewa, na hewa huyachachisha. Punje ya kahawia ya wastani hutunza mafuta yake ndani kwa muda mrefu zaidi. Ikianza kuonyesha matone yanayonata, mara nyingi ni dalili kwamba imekaa wiki nyingi au imeachwa juani.

Ndiyo maana macho hayatoshi, na pua nayo inahitaji kusaidiwa. Katikati ya karafuu na pilipili manga, kila kitu kinanukia viungo, na kahawa yenyewe hunyonya harufu za jirani zake. Anayejua kununua huomba punje chache kutoka katikati ya gunia au ndoo, si zile za juu zilizopigwa na upepo tangu asubuhi. Husogea pembeni kidogo, kisha huvunja punje moja kwa meno au kwa kucha na kunusa pale ilipovunjika.

Punje nzuri hukatika kwa mlio mkavu. Ikipinda kwanza ndipo ikatike, imeshika unyevu, jambo la kawaida kwenye joto la pwani kahawa inapoachwa wazi. Harufu ya pale ilipovunjika inapaswa kuja mara moja, tamu na nzito, ikikaribia ya sukari iliyounguzwa kidogo au karanga zilizokaangwa vizuri. Harufu ya majani mabichi au nafaka mbichi inamaanisha moto uliondolewa mapema. Ile ya majivu inaonyesha kahawa imeungua. Harufu ya mafuta ya zamani ya kupikia, au ya boksi lililohifadhiwa stoo, ni ya kahawa iliyochoka, na hiyo hata ichemshwe na tangawizi kiasi gani haitarudi.

Kuna kahawa moja inayoweza kumdanganya hata mwenye pua nzuri: iliyotoka jikoni saa chache zilizopita. Kahawa ikishakaangwa hutoa hewa ya kaboni kwa siku kadhaa, na siku ya kwanza harufu yake inaweza kuwa ya moshi moshi, bado haijatulia. Muuzaji anayejibu swali la "Mama, hii imekaangwa lini?" kwa kusema "Juzi" bila kusita amempa mnunuzi habari njema kuliko anayesema "Sasa hivi". Hewa hiyo hiyo ndiyo inayofanya unga mpya uvimbe na kutoa povu ukimwagiwa maji ya moto. Unga unaolala kimya chini ya maji umekwisha kuipoteza.

Baada ya pua, kiganja. Punje zikitandazwa mkononi, umbo lake linasema mengi. Arabika, inayolimwa Kilimanjaro, Arusha, Mbeya na Mbinga, ni ndefu kiasi na mstari wake wa katikati umejipinda. Robusta, inayolimwa kwa wingi Kagera, ni ya duara zaidi na mstari wake umenyooka. Robusta si kahawa mbovu. Ina kafeini karibu mara mbili ya arabika, ina uchungu mzito, na inafaa sana kwenye kahawa chungu ya kijiweni inayonywewa na kashata. Tatizo linaanza pale inapochanganywa na arabika kisha ikauzwa kwa bei ya arabika tupu.

Tofauti kidogo za rangi ni za kawaida kwa kahawa iliyokaangwa kwenye kikaango juu ya mkaa. Punje zilizoungua upande mmoja na kubaki mbichi upande wa pili ndizo za kuogopwa: moto ulikuwa mkali na mkono wa kukoroga ulikuwa mzito. Zile chache zilizopauka kati ya wenzake zimetokana na matunda yaliyochumwa machanga, hazikolei rangi hata zikiongezewa moto, na ladha yake ni ya karanga kavu. Vitundu vidogo ni kazi ya mdudu anayetoboa buni shambani. Mbili tatu kwenye kiganja zinavumilika, lakini zikijaa ujue hayo ni machujo yaliyobaki baada ya kahawa nzuri kuchaguliwa.

Sasa bei, na hapa ndipo wanunuzi wengi wanapoumia. Kahawa hupungua uzito inapokaangwa kwa sababu maji yanaondoka, lakini ukubwa wake unaongezeka. Kilo moja ya buni mbichi hutoa takriban gramu 850 za kahawa ya kahawia, na ikikaangwa hadi kuwa nyeusi sana inaweza kushuka mpaka 800. Tuseme buni mbichi ya arabika imenunuliwa kwa shilingi 14,000 kwa kilo. Kilo ya kahawa iliyokaangwa imekwisha kumgharimu muuzaji karibu 16,500, kabla hajahesabu mkaa, mfuko, kodi ya kibanda na jasho lake. Akiuza 20,000, bei inaeleweka. Anayeita arabika hiyo hiyo kwa 12,000 anapaswa kuulizwa, kwa adabu, ni ya msimu gani na imechanganywa na nini.

Kopo nalo lina mambo yake. Punje nyeusi zimevimba na ni nyepesi, kwa hiyo hujaza chombo upesi. Kopo la lita moja la kahawa ya namna hiyo linaweza kuwa na gramu 330 hivi. Likiuzwa 7,000 linaonekana rahisi kuliko kilo ya 20,000 kwa jirani mwenye mizani. Lakini ukipiga hesabu, kilo ya kopo inazidi 21,000. Mnunuzi ana haki ya kuomba kopo lipimwe mara moja, na muuzaji mwaminifu hakasiriki.

Pamoja na yote hayo, lipo kosa lisiloonekana kibandani. Kahawa ya Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo wakati mwingine hubeba harufu ya kiazi kibichi, ambayo huhusishwa na kunguni aitwaye antestia anayeshambulia tunda likiwa bado mtini. Punje moja inatosha kuharibu kikombe kizima, na kabla ya kusagwa haijitangazi.

Kwa sababu hiyo, na kwa sababu unga uliofungwa tayari unaweza kuficha mahindi yaliyokaangwa bila mtu kujua, ni afadhali kununua punje nzima, robo kilo kwa mara moja, na kuzisaga kwa kinu nyumbani. Anayesagisha sokoni aulize mashine imetoka kusaga nini. Kama ni pilipili, konzi moja ya kahawa ipitishwe kwanza na kutupwa, ndipo iliyobaki iingie.