Visanduku na Mishale kabla ya Msimbo

Kielekezi katika lugha ya C ni kigeu kinachotunza anwani ya mahali fulani kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Maelezo hayo ni sahihi, lakini mwanafunzi anayeyasikia kwa mara ya kwanza huku alama za `*` na `&` zimetapakaa ubaoni huambulia kidogo sana. Ndiyo maana slaidi nzuri za somo hili hutanguliza michoro, na msimbo hufuata baadaye.

Slaidi ya kwanza huwa na visanduku viwili tu, `a` chenye 5 na `b` chenye 9. Kila kisanduku huandikwa jina juu, thamani ndani na anwani chini yake. Tuseme anwani ni 1000 na 1004, kwa kuwa namba nzima ya aina ya `int` huchukua baiti 4 kwenye kompyuta nyingi za leo. Anwani halisi ni ndefu na aghalabu hubadilika kila programu inapoendeshwa, kwa hiyo kumwonyesha anayeanza ni kumchosha bure.

Slaidi ya pili huongeza kisanduku cha tatu, `p`, ambacho ndani yake imeandikwa 1000. Kutoka kwenye namba hiyo huchorwa mshale hadi kisanduku `a`. Namba na mshale vinapaswa kuonekana pamoja walau mara moja, ili ieleweke kwamba mshale si kitu kingine bali ni namba ile ile iliyochorwa. Ncha yake igote ukingo wa kisanduku, isiiguse 5 iliyomo. Hilo laonekana dogo, lakini mchoro ukikosewa hapo, mwanafunzi hudhani `p` imeshika tano. Thamani ya `a` ikibadilishwa kuwa 7, mshale haujongei hata kidogo.

Hapo ndipo vitendo viwili vinapotenganishwa. Kuandika anwani mpya ndani ya `p` ni kuhamisha mshale. Kuufuata mshale na kuandika kitu kule unakoishia ni kubadilisha kisanduku cha pili, na `p` yenyewe hubaki ilivyo. Makosa mengi ya wanaoanza hutokana na kuchanganya viwili hivi.

Mfano unaolipa ni ule wa kubadilishana thamani. Fremu kubwa ya `main` huchorwa ikiwa na `a` na `b`. Kando yake, fremu ya funksheni `badilisha` yenye visanduku `x` na `y`. Funksheni inapoitwa, 5 na 9 hunakiliwa humo. Hubadilishana vizuri kabisa, kisha funksheni inamalizika na fremu yake inafutwa. Kule `main`, `a` bado ni 5 na `b` bado ni 9, maana kilichobadilishwa ni nakala.

Sasa mchoro urudiwe, ila safari hii fremu ya pili iwe na `px` na `py`, kila kimoja na mshale unaovuka mpaka kuingia `main`. Fuata mshale wa `px`, chukua 5, iweke kwenye kisanduku cha muda `t`. Fuata wa `py`, chukua 9, iandike pale `px` inapoelekeza. Mwisho, thamani ya `t` iandikwe pale `py` inapoelekeza. Fremu ikifutwa, `a` imebaki na 9 na `b` imebaki na 5. Baada ya hapo tu ndipo msimbo uonyeshwe:

```c
void badilisha(int *px, int *py) {
    int t = *px;
    *px = *py;
    *py = t;
}
```

Mwito wake ni `badilisha(&a, &b);`, ambapo `&` hutoa anwani. Kinyota, kwa bahati mbaya, kina kazi mbili: kwenye tangazo `int *px` hueleza kuwa `px` ni kielekezi, na kwenye mistari inayofuata huamuru mshale ufuatwe.

Mchoro huo huo hufichua kosa ambalo kompaila hulipitisha kimyakimya. Mtu akitangaza `int *t` kisha akaandika `t = px; px = py; py = t;`, programu itaendeshwa bila lalamiko na kuchapisha 5 na 9 kama mwanzo. Ukichora, sababu ni dhahiri: mishale miwili imebadilishana mielekeo ndani ya fremu itakayofutwa, na hakuna aliyegusa visanduku vya `main`.

Mishale ina mpaka wake pia. Katika safu ya `int`, `p + 1` husogea baiti 4, kutoka 1000 hadi 1004, na hapo namba za anwani lazima zirudi kwenye mchoro. Hesabu hiyo ni halali ndani ya safu, ambayo visanduku vyake hupangwa mfululizo. Kwa `a` na `b`, ambavyo ni vigeu tofauti, lugha ya C haihakikishi kuwa vitakaa jirani, hata kama slaidi imevichora vimegusana.