Saini Halali, Jina la Kughushi

Mhadhiri wa chuo kikuu cha Nairobi anayetaka kusoma jarida la kitaaluma lililohifadhiwa kwenye seva ya mchapishaji wa Ulaya halazimiki kufungua akaunti mpya huko. Anachagua jina la chuo chake, anapelekwa kwenye ukurasa wa chuo, anaandika nywila yake ya kila siku, na mara jarida linafunguka. Nchini Kenya kazi hii imo mikononi mwa KENET, mtandao unaounganisha vyuo na taasisi za utafiti, kupitia shirikisho lake la utambulisho liitwalo RAFIKI. Mchapishaji haioni nywila hata kidogo. Anachopokea ni tamko lenye saini ya kidijitali, linalosema kwamba mtu huyu ni fulani na chuo kimemthibitisha.

Matamko ya aina hii huandikwa kwa utaratibu uitwao SAML, ambao toleo lake la 2.0 lilipitishwa mwaka 2005 na bado linatumika katika vyuo, serikali na makampuni makubwa. Anayetoa tamko ni mthibitishaji, yaani chuo au mwajiri. Anayelipokea ni mtoa huduma.

Imani kati yao hujengwa kabla mtumiaji wa kwanza hajafika. Mafundi wa pande mbili hubadilishana faili la maelezo, na ndani yake huwamo anwani za kila upande pamoja na ufunguo wa umma wa mthibitishaji. Ni kama benki inayopokea barua ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa: karani hampigii simu mwenyekiti, anautazama muhuri anaoufahamu tayari. Ndiyo maana mtoa huduma makini hutumia ufunguo aliouhifadhi mwenyewe tangu mwanzo. Ufunguo uliokuja ndani ya tamko lenyewe hauthibitishi chochote, kwa kuwa mghushi naye anaweza kutia wa kwake.

Tamko halisafiri moja kwa moja kutoka seva moja hadi nyingine. Hubebwa na kivinjari cha mtumiaji. Mthibitishaji hulikabidhi kwa kivinjari, nacho hulipeleka kwa mtoa huduma kama fomu ya kawaida ya mtandaoni. Kwa hiyo kila anayeingia hulishika tamko lake mwenyewe kwa muda, na akitaka anaweza kulifungua, kulisoma na kulihariri kabla halijafika. Usimbaji wa HTTPS hauzuii hilo, maana unawakinga watu na mpita njia, haumkingi mtoa huduma na mwenye kivinjari. Ulinzi wote umebaki kwenye saini.

Saini hiyo ina jambo moja ambalo ndilo chanzo cha hatari yote. Haifuniki waraka mzima kwa lazima. Mthibitishaji hukipa kipande anachokitia saini kitambulisho, mathalani `_a7`, hupiga hesabu ya muhtasari wa maneno yake, kisha husaini maelezo yanayosema: kipande `_a7`, muhtasari wake ni huu. Herufi moja ikibadilika ndani ya `_a7`, muhtasari hautalingana na saini itakataliwa. Lakini kitambulisho hakisemi kipande kikae wapi ndani ya waraka.

Chukua mwanafunzi mwenye akaunti halali. Anaingia kama kawaida, anapata tamko lake lililosainiwa, kisha anasimamisha safari ya kivinjari. Tamko halisi halibadilishi hata nukta. Analihamishia sehemu ya waraka iitwayo `Extensions`, iliyotengwa kwa maelezo ya ziada, na mahali lilipokuwa anaweka tamko alilotunga mwenyewe:

```xml
<samlp:Response>
  <samlp:Extensions>
    <saml:Assertion ID="_a7">
      <!-- halisi: saini imo humu -->
      <saml:NameID>mwanafunzi@chuo.example</saml:NameID>
    </saml:Assertion>
  </samlp:Extensions>
  <saml:Assertion ID="_z9">
    <!-- la kughushi, halina saini -->
    <saml:NameID>msimamizi@chuo.example</saml:NameID>
  </saml:Assertion>
</samlp:Response>
```

Kwa mtoa huduma kuna kazi mbili, na mara nyingi hufanywa na sehemu mbili za programu. Ya kwanza inakagua saini: inatafuta `_a7` popote ilipo, inapiga hesabu, muhtasari unalingana, inajibu kwamba saini ni halali. Na kweli ni halali. Ya pili inataka kujua nani anaingia, hivyo inakwenda mahali ilipozoea kulikuta tamko, chini ya `Response`, na kusoma jina la msimamizi. Mlango unafunguka. Hakuna ufunguo ulioibwa wala hesabu iliyovunjwa.

Shambulio hili la kuzungushia saini lilielezwa na watafiti wa IBM mwaka 2005, mwaka uleule wa SAML 2.0. Ukubwa wake ulidhihirika Agosti 2012, wakati watafiti wa Chuo Kikuu cha Ruhr cha Bochum, Ujerumani, wakiongozwa na Juraj Somorovsky, walipowasilisha matokeo yao kwenye kongamano la usalama la USENIX. Walijaribu mifumo 14 ya SAML, na 11 ikakutwa na udhaifu mkubwa, Salesforce na Shibboleth ikiwamo. Walionyesha pia kwamba hata tamko lililokwisha muda lingefaa kwa kazi hiyo, kwa sababu tarehe zinazosomwa ni zile za tamko la kughushi.

Wengi hudhani kwamba kukagua umbo la waraka kunatosha. Hakutoshi: mfano wa hapo juu unaweza kupita ukaguzi huo, kwani `Extensions` imeruhusiwa kubeba vitu vya nje. Dawa yenyewe ni kumnyima msomaji waraka mzima. Mkaguzi wa saini akimaliza, amkabidhi kile kipande alichokipigia hesabu na si kingine, na jina lisomwe humo tu. Waraka wenye matamko mawili pale linapotarajiwa moja, au vitambulisho viwili vinavyofanana, ukataliwe mara moja.

Sharti hilo ni rahisi kulitamka kuliko kulitimiza, na Machi 2025 ilithibitisha hivyo. GitHub ilikuwa ikiipima upya maktaba ya programu iitwayo ruby-saml ili iitumie. Ikabainika kwamba maktaba hiyo ilikuwa ikiusoma waraka mmoja kwa visomaji viwili tofauti, REXML na Nokogiri. Mshambuliaji aliweza kuandika waraka ambao kila kisomaji kiliuona kwa namna yake, kimoja kikiona saini hii na kingine ile. Ukaguzi ukagawanyika katikati: muhtasari ulilinganishwa upande mmoja, saini ikahakikiwa upande mwingine, na havikuhusiana. Udhaifu huo uliorodheshwa kama CVE-2025-25291 na CVE-2025-25292, ukazibwa katika matoleo ya 1.12.4 na 1.18.0. GitLab, inayotumia maktaba hiyo, ilitoa marekebisho yake Machi 12, 2025.

Fundi anayetaka kuujua mfumo wake anaweza kutumia SAML Raider, programu jalizi ya Burp Suite inayotengeneza namna nane za shambulio hili. Aufanyie majaribio mfumo wake mwenyewe, kwa ruhusa. Ukikubali hata namna moja, maktaba ibadilishwe au iletwe toleo jipya. Kwa mashambulio yaliyokwisha tokea, mahali pa kutazama ni kumbukumbu za pande zote mbili. Kwa mtoa huduma itaonekana kwamba msimamizi aliingia saa nane na dakika tatu usiku. Kwa mthibitishaji, aliyeandika nywila dakika hiyo atakuwa mwanafunzi.