Namba 4 ni Nyuzi Ngapi? Kusoma Swichi ya Oveni Kuukuu ya Gesi

Resipe inataka oveni iwe nyuzi 180 za Selsiasi. Swichi ya oveni haina nyuzi hata moja: imeandikwa ¼, ½, kisha 1, 2, 3 hadi 9. Haya ndiyo yanayomkuta Mswahili aliyehamia Uingereza akapanga nyumba yenye jiko la gesi la zamani, na anataka kuoka keki kwa resipe aliyotumiwa kwenye simu na dada yake wa Mombasa. Akikisia, anaweza kupata keki iliyoungua juu huku katikati bado uji, na kosa si la unga wala la mayai.

Namba hizo zilizaliwa Uingereza katika miaka ya 1920. Kampuni ya Radiation ilitoa mwaka 1923 kidhibiti joto cha oveni za gesi kilichoitwa Regulo. Kabla yake, mpishi alikuwa akipunguza au kuongeza moto kwa mkono na kupima joto kwa uzoefu. Regulo ilikuwa na mrija wa shaba nyeupe ulioingia ndani ya oveni, na ndani ya mrija huo ufito wa invari, madini ya chuma na nikeli ambayo hayarefuki sana yakipata joto. Oveni ikipata moto mrija hurefuka, ufito hubaki karibu vilevile, na tofauti hiyo hubana njia ya gesi. Oveni ikipoa mrija hurudi, njia ikafunguka. Hata njia inapobanwa kabisa, gesi kidogo huachwa ipite ili moto usizimike.

Kwa hiyo mpishi anapozungusha swichi hadi 4 hachagui ukubwa wa moto. Anachagua joto ambalo likifikiwa, kidhibiti kianze kuubana moto. Hii ndiyo sababu moto huonekana mkubwa mwanzoni, kisha hushuka wenyewe bila mtu kugusa kitu. Wengine huona hivyo wakadhani gesi inaisha, wakapandisha namba. Hapo keki huharibika.

Vitabu vya mapishi vya Uingereza vilifuata namba hizo, watengenezaji wengine wa majiko nao wakazifuata, na hadi leo resipe nyingi za huko huandika namba ya gesi pembeni ya nyuzi za Selsiasi.

Hesabu yenyewe ni nyepesi ukijua kwamba ngazi hii ilijengwa kwa nyuzi za Farenhaiti, siyo za Selsiasi. Namba 1 ni nyuzi 275 za Farenhaiti, na kila namba inayofuata inaongeza nyuzi 25. Nyuzi 25 za Farenhaiti ni karibu 14 za Selsiasi. Kinachotakiwa basi ni kuzidisha namba ya swichi kwa 14, kisha kujumlisha 121. Namba 4: mara 14 ni 56, ukijumlisha 121 unapata 177. Namba 2 inatoa 149, namba 6 inatoa 205, namba 7 inatoa 219. Chini ya 1 hesabu hii haitumiki, kwa hiyo yafaa kukumbuka tu kwamba ½ ni karibu 120 na ¼ ni karibu 110, joto la kukausha vitu kama meringi na si la kuoka keki.

Mtu akilinganisha majibu haya na jedwali la kwenye kitabu ataona hayalingani sawasawa. Jedwali huandika 180 kwa namba 4, 200 kwa namba 6, 220 kwa namba 7. Vitabu vimekadiria ili namba ziwe rahisi kukumbuka. Ndiyo maana jedwali linaonekana kuruka nyuzi 20 kati ya 6 na 7, wakati oveni yenyewe imepanda 14 tu kama kawaida. Na namba 3, ambayo kwa hesabu ni 163, kitabu kimoja kitaiandika 160 na kingine 170. Hakuna aliyekosea, na tofauti ya nyuzi tatu au saba haitaangusha keki.

Kinachoiangusha ni feni. Oveni nyingi za umeme za siku hizi zina feni inayosukuma hewa ya moto, na hewa inayotembea hupikisha haraka kuliko iliyotulia. Kwa hiyo resipe ya oveni yenye feni huandikwa karibu nyuzi 20 chini. Oveni kuukuu ya gesi haina feni. Resipe ikisema nyuzi 160 za oveni yenye feni, mpishi wa oveni ya gesi asikimbilie namba 3. Aongeze kwanza 20, apate 180, kisha ageuze: atoe 121, ibaki 59, agawanye kwa 14. Jibu ni nne na kidogo, yaani namba 4. Akisahau hatua hiyo keki itachelewa kuiva, itakaa bapa, na uso wake utabaki umepauka.

Msomaji wa Bujumbura au Bukavu ana mtego wake. Resipe za Kifaransa nazo hutumia namba za kidhibiti joto, lakini ngazi yao ni nyingine: namba moja ni nyuzi 30 za Selsiasi, hivyo 6 ya Kifaransa ni 180. Namba 6 ya Kiingereza inapita 200. Na majiko mengi yanayouzwa madukani Afrika Mashariki hayafuati ngazi yoyote kati ya hizo. Yana alama ya moto mdogo na moto mkubwa, au namba ambazo mtengenezaji amejipangia mwenyewe. Swichi inayoanza na ¼ au ½ na kuishia 9 kwenye oveni ya gesi ndiyo ya Kiingereza. Yoyote nyingine isomwe kwa kijitabu chake au kwa kipimajoto.

Kipimajoto cha oveni kinahitajika hata kwa yule ambaye swichi yake ni ya Kiingereza kabisa, kwa kuwa kidhibiti cha miaka mingi huchoka. Kipimajoto kidogo cha kusimamisha au kuning'iniza ndani ya oveni hakina bei kubwa. Huwekwa katikati ya wavu wa kati, kwa sababu namba za swichi zinahusu joto la hapo. Kwenye oveni za Kiingereza zenye kichomeo upande wa nyuma, hewa ya moto hupanda juu, na wavu wa juu unaweza kuzidi wa kati kwa karibu namba moja, huku wa chini ukipungua kwa kiasi hichohicho. Oveni yenye kichomeo chini ya sakafu yake hukaanga zaidi upande wa chini, na keki inayokaa karibu na sakafu huungua kitako.

Tuchukue mfano. Mpishi anataka kuoka keki ya sponji katika vyombo viwili vya sentimita 20, kwa nyuzi 180, dakika kama 25. Anaweka swichi kwenye 4, anafunga mlango, na anaacha oveni ipate moto dakika 20. Anaangalia kipimajoto kupitia kioo, au kama mlango hauna kioo, anaufungua mara moja na kusoma upesi. Hasomi mara moja tu, kwa sababu joto hupanda na kushuka kadiri kidhibiti kinavyobana na kuachia. Tuseme anaona 194, baadaye 202, kisha tena 194. Wastani wa 194 na 202 ni 198. Namba 4 ingetakiwa kutoa 177, kwa hiyo oveni yake inazidisha nyuzi 21, ambazo ni namba moja na nusu.

Dawa ni kurudi nyuma namba moja na nusu, swichi ikae kati ya 2 na 3, kisha kupima upya. Kwa hesabu, namba 2 na nusu ni 156, ukijumlisha zile 21 za oveni yenyewe unapata 177, yaani namba 4 halisi. Kosa hilo lakini si lazima liwe lilelile kote. Oveni inayozidisha 21 kwenye 4 inaweza kuzidisha 10 tu kwenye 7, na anayeoka mikate lazima apime huko pia. Matokeo yakiandikwa kwenye karatasi na kubandikwa kando ya jiko, hakuna haja ya kurudia kazi hiyo kila wiki.

Asiye na kipimajoto anaweza kutumia sukari. Sukari nyeupe ya kawaida huyeyuka karibu na nyuzi 186, na joto hilo liko katikati ya namba 4 na namba 5. Kijiko kimoja cha sukari kinatandazwa juu ya karatasi ya foili, kinawekwa kwenye wavu wa kati wa oveni iliyokwisha kupata moto kwenye 4, kinaachwa dakika 15. Chembe zinatakiwa kubaki kavu. Zikiwa zimeyeyuka kuwa maji ya dhahabu, oveni inazidisha joto. Kisha sukari mpya inawekwa kwenye 5, na safari hii inatakiwa ianze kuyeyuka. Ikibaki kavu kabisa, oveni iko chini. Jaribio hili linaonyesha upande ambao kosa limeelekea, halisemi ni nyuzi ngapi. Na dakika 15 zizingatiwe, kwa sababu sukari ikikaa muda mrefu huanza kubadilika rangi hata kwenye joto la chini ya hapo.

Keki yenyewe nayo ni shahidi. Iliyopanda kama kichuguu, ikapasuka juu na kukauka kingoni kabla ya katikati kuiva, imeokwa kwenye joto la kuzidi: ganda liliwahi kukaza, na unga wa katikati ulipotaka kupanda ulipasua njia. Ikiwa upande mmoja umeiva na mwingine bado, tatizo si namba. Huenda chombo kimegusa ukuta wa nyuma, au trei kubwa imeziba nafasi ya hewa kuzunguka. Vyombo viwili vya sponji vikae kwenye wavu mmoja, vikiwa na nafasi pande zote.

Kuna oveni ambazo karatasi ya kubandika haitazisaidia. Wakati mwingine swichi iliwahi kuvunjika, ikawekwa nyingine isiyo ya jiko hilo, na mshale hauoneshi tena mahali ulipotakiwa. Wakati mwingine ni kidhibiti cha aina ya baadaye, chenye kifuko cha kimiminika kilichounganishwa na mrija mwembamba, na kifuko hicho kimechomoka kwenye vishikio vyake na kulala pabaya, kwa hiyo kinapima joto la kona badala ya la oveni. Oveni inayotoa joto lilelile kwenye 2 na kwenye 7, au ambayo moto wake haushuki kamwe hata baada ya nusu saa, imeharibika kidhibiti. Nchini Uingereza kazi hiyo ni ya fundi aliyesajiliwa na Gas Safe, na mpangaji anaweza kumwomba mwenye nyumba amlete, kwa kuwa jiko lililokuja na nyumba liko chini ya wajibu wake wa kuhakikisha vifaa vya gesi ni salama.