Gunia ni lile lile? Swali linaloweza kuangusha kesi

Chukulia ni saa nane usiku kule Sachangwan, kwenye barabara kuu ya Nakuru kuelekea Eldoret. Polisi wanasimamisha lori, wanapekua, na chini ya viazi wanapata gunia la bangi. Dereva anatiwa pingu. Kesi imeisha, sivyo? Wapi! Ndiyo kwanza inaanza.

Miezi baadaye, katika korti ya Molo, upande wa mashtaka lazima uonyeshe kwamba bangi iliyo mbele ya hakimu ndiyo ile ile iliyotoka kwenye lori. Hapo ndipo mnyororo wa vielelezo unapoingia: nani alikishika, lini, na alimkabidhi nani.

Tufuate gunia letu. Pale barabarani, afisa anaandika orodha ya vitu vilivyonaswa na dereva anatia sahihi. Kituoni, gunia linapewa nambari katika rejista ya vielelezo na kufungiwa stoo. Kifungu cha 74A cha sheria ya dawa za kulevya kinataka shehena ipimwe uzani na sampuli zichukuliwe, inapowezekana, mbele ya mtu anayekusudiwa kushtakiwa. Sampuli hufungwa kwa lakiri na kupelekwa kwa Mkemia wa Serikali.

Sasa tuseme orodha ya barabarani inasema kilo 48, lakini mizani ya baadaye ikasoma 41. Pengine majani yalikuwa mabichi yakakauka tu. Lakini asipopatikana shahidi wa kueleza hivyo, wakili atauliza: kilo 7 zilienda wapi? Tena, ikiwa sampuli ilitoka stoo Jumatatu na kumfikia mkemia Ijumaa, ililala kwa nani siku hizo?

Wakili hana haja ya kuthibitisha kwamba bangi ilibadilishwa. Shaka ya maana inamtosha, na faida ya shaka humwendea mshtakiwa.

Hata hivyo, si kila pengo huua kesi. Lakiri ikiwa haijaguswa, nambari zikilingana na aliyebeba sampuli akijitokeza kueleza, hakimu anaweza kuridhika. Bunduki hata ina nambari yake ya kuitambulisha. Majani na unga hufanana, ndiyo maana karatasi zake ni muhimu zaidi.

Pengo likiwa kubwa, mambo huharibika. Katika kesi ya Mombasa kuhusu zaidi ya tani 2 za pembe za ndovu zilizonaswa 2014, magari 9 yaliyokuwa vielelezo yalitoweka yakiwa chini ya ulinzi wa polisi. Mshtakiwa alifungwa miaka 20 mnamo 2016, lakini 2018 Mahakama Kuu ikamwachilia.

Na mnyororo huu humlinda pia asiye na hatia. Ukijikuta wewe ndiwe taniboi wa lori hilo, soma orodha kabla ya kutia sahihi: uzani ni ule uliouona? Idadi ya magunia je? Miezi baadaye, karatasi hiyo ndiyo itakayokusemea.